Tupeane uzoefu: tangazo lako la kwanza mtandaoni uliliandikaje hadi likauza?

Binti Mkomani: Asalaam alaykum jamani. Wenye kuuza mtandaoni tupeane uzoefu, naanza na yangu. Nauza kofia za mkono, mamangu na shangazi zangu ndio washonaji hapa Lamu, na kofia moja inakula miezi. Niliweka 6 kwenye soko moja kubwa, wiki 5 kimya, hata wa kuuliza bei hakuna. Kichwa nilikuwa nimeandika "OFA OFA karibuni wapenzi kofia ya vito kali sana". Binamu yangu wa Nairobi akaniambia kwenye simu yake yaonekana "OFA OFA karibuni wape..." basi, kwengine kumekatwa. Alafu hilo neno vito, sisi huku twajua ni kofia, lakini mtu wa bara akiandika vito anatafuta pete na mikufu! Nikabadilisha ikawa "Kofia ya kanzu ya mkono, nyeupe, saizi 22½, kofia ya vito Lamu". Wiki hiyo hiyo watatu wakauliza, ila wakifungua picha wanapotea manake kofia yatoka ya kijivu na vitundu havionekani. Mwenye kujua picha anisaidie.

Fundi Langoni: Dada, nyeupe ina wenyewe. Simu ikiona nyeupe imejaa kwenye kioo inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, ndo unapata kijivu. Bonyeza kidole juu ya kofia pale kwenye kioo, kitatokea kijua kidogo, kivute juu polepole mpaka kofia iwe nyeupe, na usimame kabla nyuzi hazijaanza kupotea. Taa ya ndani zima, inatia umanjano. Piga kando ya dirisha asubuhi, mwanga uje kutoka ubavuni, hapo kila kishono kinatupa kivuli chake na vitundu vinajionyesha. Ukitumia flashi kila kitu kinalala bapa. Chini tandika kikoi cha rangi nzito kisicho na mistari mingi, na ndani ya kofia tia bakuli ili isimame kama iko kichwani. Na usiache picha ya ndani, kofia igeuzwe, kwa sababu mnunuzi anaogopa kuuziwa ya mashine kwa bei ya mkono na kule ndani ndiko atakakoangalia.

Malindi Mabuyu: Mi nawaambia siri ni bei tu. Nilianza chini kuliko wote, oda zikamiminika, nikapata nyota zangu alafu nikapandisha. Binti shusha, ukishajulikana utarudisha.

Kaka wa Mokowe: Kwa mabuyu sawa ndugu yangu, mtu anamaliza paketi leo kesho anarudi, hasara ya mwanzo inalipika. Kofia mtu ananunua moja anakaa nayo miaka. Na ukiiweka bei moja na za mashine, anayejua kofia ataona si ya mkono atapita. Binti, tuseme unamlipa mshonaji 3,500, boti hadi huku Mokowe na boksi 160, faida unataka 500. Jumla 4,160. Soko likikata 15 kwa mia, wengi wanaongeza 15 kwa mia juu, inakuwa 4,784. Lakini komisheni inakatwa kwenye hiyo 4,784, ni kama 718, unabaki na 4,066, ushapoteza 94. Gawanya 4,160 kwa 0.85, ni 4,894. Weka 4,900, na nauli ya basi mnunuzi aione kando kabla hajalipa.

Bi Shela: Wanangu, mimi picha zangu za mikeka ziliibwa, mtu akaziweka kwake kwa nusu bei. Sasa naandika jina langu katikati ya kila picha. Huyo wa picha nzuri ajihadhari.

Fundi Langoni: Pole sana bibi. Ila jina katikati linafunika ususi wenyewe, na ndio unaouza. Liweke pembeni.

Bi Shela: Pembeni huyo mwizi alilikata, mwanangu, ndo nikalileta katikati.

Fundi Langoni: Basi hapo sina jibu bibi, labda uache picha ya kwanza safi na jina liingie kwenye zilizobaki.

Binti Mkomani: Nimepiga leo saa 3 asubuhi dirishani, kikoi cha buluu chini, bakuli la uji ndani. Wallahi mamangu mwenyewe amekaa akihesabu vitundu kwenye simu. Nimezungusha na tepu picha moja ili 22½ ionekane. Bei nimeweka 4,900. Sasa nauliza, za 22 na 23 niziweke tangazo moja mtu achague au kila moja lake? Kila kofia nakshi yake mbali.

Kaka wa Mokowe: Kila moja lake. Akilipia nakshi aliyoiona ukamtumia nyengine, atairudisha, na nauli ni yako.

Malindi Mabuyu: Mi ningeweka moja, matangazo mengi yanachosha kuyajibu.