Hongera 43 zimefunika tangazo la mazishi, mama wa watu kaachwa kituoni!

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Kundi letu la WhatsApp ni la kufa na kuzikana, tuko 86, wengi wa Kimara na Mbezi. Ijumaa jioni mweka hazina kaweka picha ya mwenzetu mmoja akiwa na joho, amehitimu shahada ya uuguzi. Chini kaandika neno moja tu: "Hongera." Basi. Kila aliyefungua simu naye akaandika hongera. Hongera sana. Hongera dada. Hongera mno mpendwa. Mmoja kaweka keki peke yake, mstari mzima. Nimezihesabu, 43.

Katikati ya hizo, saa mbili usiku, katibu aliandika kwamba Kosta ya kwenda kuzika Kibaha itaondoka saa mbili asubuhi, siyo saa nne. Nani aliona? Mama mmoja, mtu mzima wa miaka sabini na ushei, alifika Kimara Mwisho saa tatu na nusu, kajifunga kanga, mkononi ana bahasha ya rambirambi. Alisimama juani mpaka saa tano. Marehemu ni shemeji yake. Hakumzika.

Mhitimu simlaumu, kasoma kwa shida na nampenda. Ila haiwezekani kumpongeza mtu mmoja kukawafukia wengine. Mnafanyaje kwenye makundi yenu?

Kijana wa Tabata: Mkuu pole. Sisi tunatumia orodha kama ya michango. Mmoja anaandika "Tunampongeza fulani: 1...", anayefuata ananakili na kuongeza jina lake. Haina fujo.

Fundi Simu K'koo: Kijana, wazo la kuwakusanya watu sehemu moja ni sahihi, ila orodha yako inazidisha tatizo. Kila anayeongeza jina anatuma orodha nzima upya. Mtu wa 40 anatuma ujumbe wenye mistari 40! Halafu wawili wakinakili kwa wakati mmoja, jina la mmoja linapotea na ugomvi unaanza.

Mleta uzi, tangazo lenyewe ndilo lilikuwa bovu. Ukiandika "Hongera" tupu, umewaonyesha watu cha kuandika, nao wataiga. Andika hivi: "Mwenzetu fulani amehitimu uuguzi leo. Kwa niaba yetu sote, hongera. Anayeungana nasi abonyeze ujumbe huu bila kuachia, aweke ❤️. Mwenye neno refu amwandikie kwake." Alama hizo zipo WhatsApp tangu 2022. Zinakaa chini ya ujumbe uleule, hazisukumi kitu juu, na ukiigusa unaona majina ya walioweka.

Sasa kuna jambo wengi hawalijui: taarifa ya alama inaenda kwa aliyeandika ujumbe. Mweka hazina akiandika, simu yake ndiyo italia, ya mhitimu itakaa kimya na atadhani mmempuuza. Kwa hiyo mwambieni mapema aandike mstari mmoja wa asante chini ya tangazo, watu waweke alama kwenye asante yake. Hapo zitamfikia mwenyewe.

Na katibu wenu naye ana kosa. Tangazo la msiba hubandikwa juu ya kundi. Unachagua likae saa 24, siku 7 au siku 30.

Mama Wawili: Mimi nilipopandishwa cheo kazini hakuna hata mmoja aliyeniandikia kundini. Afadhali hizo 43. Mnataka watu wasipongezwe?

Mleta uzi: Dada Mama Wawili, pole kwa hilo, linauma. Lakini sijasema asipongezwe. Nimesema mama kakosa kuzika.

Mzee wa Mbezi: Mwanangu, mimi nikisoma neno "hongera" lenye jina la mtu najua amekaa akaniandikia. Kopa hata mjukuu anaweza kuibonyeza kwa bahati mbaya. Kwa mtoto wangu nitataka maneno.

Fundi Simu K'koo: Shikamoo mzee. Hapo siwezi kukubishia. Ndiyo maana nikasema mwenye maneno ayapeleke kwa mhusika, au ampigie.

Mzee wa Mbezi: Marahaba. Lakini kumpongeza mtu mbele za watu ni tofauti na kumnong'oneza.

Mleta uzi: Mzee nimekusikia, hilo tutalileta kwenye kikao, najua wazee wetu nao watasema hivyohivyo. Fundi, kuhusu kubandika umesema kweli, nimemweleza katibu na amekiri. Kuna mwenzetu mwingine anapanda cheo mwezi huu. Barua hajaishika bado, kwa hiyo sitaandika kitu mpaka aniruhusu mwenyewe, na tangazo nitaliandika mimi. Yule mama wa Kimara alama hazijui. Kila safari ya msiba nitampigia simu.