Naombeni ushauri: barua kwa mume wangu kuhusu madeni ya kubeti

Habari zenu wapendwa. Nipo Mbagala. Juzi nilimtumia mume wangu elfu 50 ya daftari za mtoto, ikakatwa yote papo hapo kufidia mkopo wa simu. Ndipo nikajua. Anakopa, anaweka mkeka, ukichanika anakopa kwingine ili arudishe ya kwanza. Nimemwandikia hivi:

"Baba Neema, najua kuhusu madeni. Sijakasirika, naumia kwamba umeyabeba peke yako. Nakuona usiku unageuza simu kifudifudi nikiingia chumbani. Jumamosi tukae tuandike kila deni: unadaiwa na nani, kiasi gani, lini. Tuanze na la kausha damu, maana riba yake haisubiri. Mwisho wa mwezi tusikope tena kuziba pengo. Akaunti ya kubeti tuombe ifungwe, siyo kufuta programu tu."

Nina laki 2 za kikoba. Nikimlipia, naogopa akimaliza deni ataruhusiwa kukopa zaidi, na kiu ya kubeti bado ipo. Nimlipe mdai moja kwa moja, au nisubiri kwanza akaunti ifungwe? Na barua nimpe mkononi au nimsomee?