Kurudisha mizani ya potifolio: tarehe maalumu kila mwaka, au kusubiri uzani uhame?

Kibubu_Kikubwa

Wakuu, naomba tulinganishe njia kwa namba. Potifolio ni ya milioni 20. Mgawanyo uliopangwa ni asilimia 40 hisa za DSE, asilimia 40 hatifungani za serikali, na asilimia 20 Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS.

Tuseme mwaka umepita. Hisa zimepanda asilimia 45, hivyo 8,000,000 zimekuwa 11,600,000. Hatifungani bado ni 8,000,000, na kuponi ya asilimia 12, yaani 960,000, imeingia Ukwasi. Ukwasi wenyewe umekua asilimia 10, ukijumlisha na hizo kuponi ni 5,360,000. Gawio tuliache kwanza. Jumla ni 24,960,000.

Sasa hisa ni asilimia 46.5, hatifungani 32.1, Ukwasi 21.5. Kila mwezi inaongezwa laki 2.

Njia ninazopima ni tatu. Ya kwanza, kila Desemba narudisha kila kitu kwenye 40/40/20 bila maswali. Ya pili, sifuati kalenda, nachukua hatua pale tu sehemu moja inapohama pointi 5. Ya tatu, naangalia mara moja kwa mwaka na kuchukua hatua kama ukingo huo wa pointi 5 umevukwa. Ipi inafaa soko letu?

MchuuziWaHisa

Ya kwanza. Uza Desemba, basi. Kurudisha mizani ni kuuza kilichopanda na kununua kilicho chini, kwa hiyo kila mwaka faida inaongezeka. Ukianza kusubiri ukingo utajikuta umenogewa na hisa hadi zianguke.

Mhasibu_Makole

Ya tatu, lakini kabla ya kumpigia dalali tazama kwanza kwa nini uzani umehama. Katika mfano wako hatifungani hazikushuka hata shilingi. Karibu nusu ya pengo imetokea kwa sababu kipato chake kimehamia mfuko mwingine. Kama hizo 960,000 zingebaki upande wa hatifungani, upande huo ungekuwa 8,960,000, sawa na asilimia 35.9. Usingekuwa umevuka ukingo.

Kuhusu ukingo, pointi 5 kwa kila kitu haitoshi. Kanuni inayotumika sana ni pointi 5 au robo ya lengo, ile iliyo ndogo. Kwa lengo la asilimia 40, robo ni pointi 10, kwa hiyo 5 ndiyo inayotawala. Lakini mtu mwenye sehemu ya asilimia 8, tuseme hisa za kampuni moja, akisubiri pointi 5 atasubiri mpaka ifike 13. Robo ya 8 ni 2, kwa hiyo aanze kushtuka kwenye 10 au kwenye 6. Kwenye jedwali lako, lengo likiwa safu ya C na uzani wa leo safu ya D:

```
=ABS(D2-C2)>MIN(0.05,0.25*C2)
```

Ikisema TRUE, kuna la kufanya.

Sasa hatua zenyewe. Mnada wa hatifungani wa BoT unaanzia milioni 1 na kupanda kwa laki moja moja. Chukua milioni 1 kutoka Ukwasi, weka kwenye hatifungani. Hatifungani zinakuwa asilimia 36.1, Ukwasi unabaki 17.5, zote ziko ndani ya ukingo. Kutoka Ukwasi hakuna tozo, hivyo hapo hujapoteza kitu.

Zinabaki hisa kwenye 46.5, juu ya ukingo kwa pointi moja na nusu. Michango yako ya laki 2 isiende kwenye hisa kwa muda. Baada ya miezi mitano jumla ni 25,960,000 na hisa, bei zikisimama, ni asilimia 44.7. Umeingia ndani bila kuuza hata hisa moja.

MchuuziWaHisa

Na bei zisiposimama? Hisa zikipanda tena asilimia 20 katika hiyo miezi mitano, michango yako imemezwa.

Mhasibu_Makole

Hapo sina ubishi. Ndiyo maana nimesema hii ni kwa mchango wa laki 2 dhidi ya milioni 25. Mtu mwenye milioni 200 na mchango huohuo hana budi kuuza. Kipimo cha haraka: michango yote ya mwaka pamoja na kuponi na gawio ikiwa haifiki thamani ya kinachotakiwa kuhamishwa, usijidanganye kwamba mtiririko utamaliza kazi.

Bi_Kuponi

Ndugu Mchuuzi, hilo la "kila mwaka faida inaongezeka" ni nusu ya ukweli. Chukua milioni 10, nusu hisa nusu kitu cha asilimia 8. Hisa zipande asilimia 20 miaka mitatu mfululizo. Asiyegusa ana 14,939,000. Aliyerudisha 50/50 kila mwaka ana 14,815,000. Amebaki nyuma kwa takriban laki 1 na elfu 23, na hapo gharama za dalali hatujazihesabu.

Halafu hisa zianguke asilimia 40. Asiyegusa ana hisa za milioni 8.64, anapoteza karibu milioni 3.46 na kubaki na 11.48. Mwenzake ana hisa za milioni 7.41, anapoteza 2.96 na kubaki na 11.85. Kwa hiyo unachonunua ni kuanguka kidogo zaidi, na katika soko linalopanda mfululizo unakilipia. Faida ya "uza ghali nunua rahisi" huja pale bei zinapopanda na kushuka kuzunguka mahali fulani, na hakuna anayejua mapema kama soko litafanya hivyo.

Zawadi_Tegeta

Mimi nina CRDB nyingi kuliko NMB na CRDB imepanda zaidi. Kwa hiyo niuze CRDB ninunue NMB ili kurudisha mizani?

Bi_Kuponi

Mdogo wangu, hilo ni swali lingine. Zote ni benki, zote ni hisa, zote ziko DSE. Ukihama kutoka moja kwenda nyingine ile asilimia 40 haiguswi, na umelipa dalali mara mbili: wakati wa kuuza na wakati wa kununua. Kama unaona kampuni moja imekuwa kubwa mno ndani ya hisa zako, iwekee ukingo wake kama Mhasibu alivyoeleza, na gawio la mwaka lielekeze kwa ile iliyo ndogo.

Dalali_Mstaafu

Niongeze la gharama maana wengi wanalikadiria vibaya, juu au chini. Kamisheni ya dalali kwa milioni 10 za kwanza ni asilimia 1.7. Ukiweka tozo za soko, za CMSA na za hifadhi ya hisa, unakaribia asilimia 2 kila upande. Kurudisha hisa za Kibubu mpaka 40 kamili ni kuuza kama 1,616,000, gharama karibu elfu 32. Kwa potifolio ya milioni 25 hiyo haimuui mtu.

Lakini angalia: ukiuza mpaka kwenye ukingo tu, yaani asilimia 45, unauza 368,000 na gharama ni kama elfu 7. Gharama inayokua sawasawa na kiasi unachouza inakuelekeza kusimama ukingoni, au katikati ya ukingo na lengo. Gharama ambayo ni ileile uuze kidogo au kingi ndiyo inayokuelekeza kurudi hadi kwenye lengo kabisa, maana umeshailipa. Kwa hisa za DSE mimi ningesimama 42.5, ili ongezeko dogo tu la bei lisikurudishe kwa dalali mwezi ujao.

Kinachoumiza zaidi hakionekani kwenye hati ya mauzo. Hisa za CRDB na NMB kwa kawaida hupata mnunuzi haraka. Kuna kampuni nyingine ambazo oda ya kuuza hukaa wiki nzima, na bei unayoiona kwenye skrini ni ya siku iliyopita ilipouzwa mara ya mwisho. Uzani unaoukokotoa kwa bei hiyo ni wa kufikirika. Kabla ya kusema ukingo umevukwa, mwulize dalali wako wanunuzi wamesimama bei gani leo na kwa hisa ngapi, kisha piga hesabu upya kwa bei hiyo. Mara nyingi pointi moja au mbili zinayeyuka hapohapo.

Hii pia ndiyo sababu njia ya pili, ya kuvizia ukingo kila siku, haina maana kwetu. Unavizia bei ambayo wakati mwingine haijagusana na muuzaji wala mnunuzi.

Msafiri_Maskati

Kwa sisi wa huku kuna jambo mnaliruka. Riali ya Omani imefungwa kwenye dola, kwa hiyo akiba yangu ni kama ya dola. Mwishoni mwa 2024 shilingi ya Tanzania iliimarika kutoka karibu 2,700 kwa dola hadi karibu 2,400. Uzani wa dola ulishuka bila soko lolote la hisa kutikisika. Je, huo nao ni uhamaji wa kuchukulia hatua?

Mhasibu_Makole

Ndiyo, kaka, na uzani ni uleule ukipima kwa shilingi au kwa riali; matumizi yako ya baadaye, nyumba Pemba au kuishi Maskati, ndiyo yanayoamua lengo la kila upande. Ukipima kila kitu kwa shilingi, utaona upande wa dola umepungua. Ukipima kwa riali, utaona upande wa Tanzania ndio umekua, lakini asilimia ni zilezile. Kosa ni kupima nusu kwa hii na nusu kwa ile.

Kibubu_Kikubwa

Nashukuru. Nachukua ya tatu, kuponi ziingie kwenye hatifungani. Ila kuponi zangu ni 480,000 kila miezi sita, hazifiki milioni ya mnada. Zikae Ukwasi mpaka zitimie?

Mhasibu_Makole

Zikae Ukwasi, ila kwenye jedwali ziandike upande wa hatifungani, au ziingize kwenye Mfuko wa Hatifungani wa UTT ambao unapokea kiasi kidogo. Na siku yako ya kupima iwe baada ya gawio la katikati ya mwaka kuingia, si Desemba, ili fedha za kugawa ziwe mkononi.

Bi_Kuponi

Kabla hujafunga hesabu: hizo milioni 8 za hatifungani umeziandika kwa thamani ya usoni. Aprili 2022 BoT ilishusha kuponi ya miaka 25 kutoka 15.95 hadi 12.56. Aliyekuwa na ile ya zamani, kwa hesabu za riba mpya, kila shilingi 100 yake ilikuwa na thamani ya karibu 125. Anayeandika 100 angeweza kuona hatifungani zimepungua uzani na kukimbilia kununua nyingine, wakati kwa bei ya soko huenda tayari zilikuwa zimezidi.

Dalali_Mstaafu

Kwa nadharia. Nenda soko la upili na hatifungani ya milioni 3 uone kama utampata wa kukupa hiyo 125. Anayekaa nayo hadi mwisho aandike 100.

Bi_Kuponi

Akaaye hadi mwisho naye anaamua leo anunue nini. Akitumia bei ya soko kwenye hisa na bei ya usoni kwenye hatifungani, anapima kwa mizani mbili.

Dalali_Mstaafu

Basi atumie ile bei ambayo kweli dalali amemtajia, hata kama ni 110. Zaidi ya hapo hatutakubaliana.