Naomba ushauri: kitabu cha kielektroniki hakina kurasa, nitaje nini?

Habari zenu wapendwa. Niko Kampala, naandika tasnifu kuhusu Kiswahili Uganda, kwa mtindo wa APA. Katiba haikunisumbua: naandika ibara ya 6(2), na msomaji ataipata katika chapa yoyote ya baada ya marekebisho ya 2005.

Shida ni kitabu cha kielektroniki. Nukuu yangu iko "ukurasa" wa 212 kwenye simu. Nikikuza herufi inahamia 260, na kwenye kompyuta ya rafiki ni 148. Namba za lokesheni za Kindle nazo APA haizikubali. Kwa hiyo nimeandika: sura ya 3, aya ya 47. Msimamizi wangu alihesabu akaishia aya nyingine, kwa sababu mimi nilihesabu nukuu ndefu zilizojitenga kama aya, yeye akaziruka.

Sasa nafikiria kutaja sura, kichwa kidogo, kisha aya chini ya kichwa hicho: aya ya 4 huhesabika haraka, bila ubishi. Lakini sura ya 5 haina vichwa vidogo kabisa. Hapo mngefanyaje? Nihesabu aya zote, au sura pekee inatosha nikinukuu neno kwa neno?