Jengo limeshuka thamani, bosi anataka hasara yote imezwe na akiba ya uthamini. Naombeni ushauri

Mtunza_Leja:
Wakuu, heshima kwenu. Niko uhasibu kwenye kampuni ya usambazaji, tunafunga hesabu za 2025 na odita amenikalia kooni.

Tuna majengo mawili, yote tunayatumia wenyewe. La kwanza ni ofisi na stoo, liko Morogoro. Lilijengwa kwa milioni 400, na mwisho wa 2021 vitabuni lilibaki milioni 300. Wakati huo mthamini akaja, akaandika 480, na ile 180 iliyoongezeka ikawekwa kwenye akiba ya uthamini. Muda wa matumizi uliobaki ulikuwa miaka 30, kwa hiyo tunakata uchakavu wa milioni 16 kila mwaka, na mwisho wa 2025 linasomeka 416. Tatizo ni kwamba masika eneo lile linajaa maji, jirani kauza lake kwa bei ya kutupa, na safari hii mthamini kaandika 230. Godauni la Vingunguti nalo limepanda kwa 120.

Bosi anasema hivi: Morogoro imeshuka 186, itolewe yote kwenye akiba, maana ukijumlisha ile 180 na 120 ya Vingunguti kuna 300 mle. Faida isiguswe kwa sababu benki inaiangalia. Odita kakataa. Nani yuko sahihi? Kodi tuiweke kando kwanza.

Fundi_Mizania:
Mkuu, mnajitesa bure. Soma IAS 36. Thamani ya vitabuni unailinganisha na kikubwa kati ya viwili: bei ya kuuza ukishatoa gharama za kuuzia, au pesa ambazo jengo litakuingizia mkiendelea kulitumia. Hata kama soko linasema 230, mkipiga hesabu ya matumizi mkapata 420, hakuna impeamenti hapo. Andika memo ya kurasa mbili, mpe odita, mambo yameisha.

Mama_Apatimenti:
Samahani naingilia. Kampuni yetu ya familia ina apatimenti nne Tabata za kupangisha. Mthamini wa benki ameandika bei mbili, ya soko na ya kuuza kwa haraka. Vitabuni iende ipi? Na kile kilichopanda tunaweza kugawana gawio? Ndugu zangu wameshaanza kupiga simu.

Bi_Mkaguzi:
Nianze na Mama Apatimenti nimalizane naye. Vitabuni inakwenda bei ya soko, ile ya haraka ni ya benki siku ikikushikia mnada. Ila kesi yako siyo hii ya uzi. Jengo la kupangisha, kama mmechagua kulipima kwa bei ya soko, likipanda au likishuka linagonga faida ya mwaka moja kwa moja, wala hakuna akiba ya uthamini. Gawio waambie ndugu wasubiri, hakuna senti iliyoingia benki.

Sasa Fundi. Ulichosema ni kweli kabisa kwa kampuni inayoweka majengo kwa gharama. Hawa wangebaki kwenye gharama, Morogoro leo ingekuwa 260, yaani ile 300 ya 2021 ukitoa uchakavu wa milioni 10 kwa miaka minne. Hapo wakionyesha kwamba matumizi yake yana thamani ya 300, soko liseme 230 au 200, hawapunguzi kitu. (Japo ofisi haiingizi pesa peke yake, ungelazimika kupima biashara nzima ya tawi lile. Memo ya kurasa mbili haitoshi.)

Lakini hawa walishachagua njia ya kuthaminisha upya. Ukishaingia huko umeahidi kwamba jengo litasomeka kwa bei ya soko, ikipanda na ikishuka. Bei imekuwa 230, jengo linakuwa 230, hata kama mnalipenda na linawafaa. Memo ya matumizi haizuii hilo. Wengi hawalioni wakati bei inapanda na kila mtu anafurahia mizania iliyonenepa.

Swali linalobaki ni hiyo 186 inapita wapi. Kwanza inakula akiba ya jengo lilelile, na hiyo inaonekana kwenye mapato mengine jumuishi, haifiki kwenye faida. Akiba ya jengo hilo ikiisha, kilichobaki kinakwenda kwenye faida na hasara. Bosi wako kakosea kwenye neno moja, "kujumlisha". Vingunguti lilikuwa lazima lithaminishwe pia kwa sababu ni kundi moja la mali, huwezi kuchagua lililopanda ukaliacha lililoshuka. Ila akiba inahesabiwa jengo kwa jengo. Ile 120 ni ya Vingunguti na haimfuti machozi mtu wa Morogoro.

Mdogo wangu, niambie kitu kimoja: akiba ya Morogoro leo ni 180 kamili, au mmekuwa mkiihamisha kidogo kidogo?

Mtunza_Leja:
Dada, ni 180 ileile. Haijaguswa tangu 2021. Kwani ilitakiwa kuguswa?

Bi_Mkaguzi:
Inaruhusiwa, hailazimishwi. Uchakavu wenu ni 16 badala ya 10. Ile 6 ya ziada inatokana na uthamini, kwa hiyo kampuni inaweza kila mwaka kuhamisha 6 kutoka akiba kwenda faida limbikizi, ndani ya mtaji wa wanahisa, bila kupita kwenye faida ya mwaka. Kwa miaka minne ni 24.

Kama hamjahamisha, unatoa 180 kwenye akiba, 6 inaingia hasara ya mwaka, jengo linapungua 186. Kama mngekuwa mmehamisha, akiba ingekuwa 156 na hasara ya mwaka 30. Angalia hiyo 30: ni 260 ukitoa 230, sawasawa na pengo ambalo ungelipata kama jengo halijawahi kuthaminishwa. Ndiyo maana mimi napenda kuhamisha.

Mwana_Kodi:
Msisahau kodi ahirishwa jamani, hata kama kasema tuiweke kando. Kwa asilimia 30, kwenye ile 180 kuna 54 ilipaswa kuwa deni la kodi ahirishwa, akiba ibaki 126. Ukiona 180 nzima kwenye akiba, muulize aliyefunga hesabu za 2021. Na TRA hawapunguzi kodi kwa sababu ya hiyo hasara, wao wanatambua gharama halisi mliyojengea.

Mtunza_Leja:
Nimefungua leja na hesabu za mwaka jana. Kodi ahirishwa ipo, imekaa kwenye mstari wake. Ila kwenye maelezo ya sera imeandikwa kwamba uchakavu wa ziada "huhamishwa kila mwaka kwenda faida limbikizi". Hakuna aliyewahi kuhamisha. Kumbe ndiyo maana odita anang'ang'ania 30.

Bi_Mkaguzi:
Basi odita ana hoja. Sera mmeiandika wenyewe na hamkuifuata, hilo ni kosa la miaka ya nyuma. Isahihishwe 24, akiba ibaki 156, hasara iwe 30.

Fundi_Mizania:
Hapa nakupinga. Jumla ya mtaji haibadiliki hata shilingi, ni kuhamisha toka mfuko huu kwenda ule. Kosa la aina hiyo si kubwa kiasi cha kurudi nyuma. Badilisheni sera mwaka huu, mbaki na 6.

Bi_Mkaguzi:
Jumla haibadiliki, ila faida ya 2025 inabadilika kwa 24. Kubadili sera mwaka uleule unaokuokoa, nani atakuamini? Mtunza_Leja, faida kabla ya hili ni kiasi gani?

Mtunza_Leja:
Milioni 41. Na mkataba wa benki unataka isishuke chini ya 25.