Naomba ushauri: mistari myeusi kwenye video ya harusi

Habari zenu wanakikundi. Jumamosi nina harusi hapa Kisumu, na ukumbi ni uleule unaonisumbua. Dijei akiwasha taa zake za rangi, video inatoka na mistari myeusi inayopanda polepole.

Umeme wetu ni 50 Hz, kwa hiyo narekodi fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50. Taa za ukumbi zinatulia kabisa. Za dijei hazitulii, hata kwa 1/100; nadhani zinawaka na kuzima kwa mpigo wake zenyewe, si wa umeme.

Je, nimwombe aziache kwenye mwangaza kamili, maana zikipunguzwa ndipo zinapopepesa zaidi? Au nilete taa yangu, na ya wati ngapi itatosha meza ya keki?