ATI MIKONO YANGU INA JASHO!!! Huyo fundi mnamjua

JichoLaKondele:
Wadau, nimetoka huko sasa hivi na bado natetemeka. Yule fundi mnamjua nyote, wa ghorofani, mwenye feni moja inayompuliza yeye peke yake. Nimempelekea laptopu na kipanya kisicho na waya kwa sababu mshale unaruka kama panzi: unausogeza, unaganda, halafu unauona kona ingine ya skrini. Akakishika kipanya, akakipuliza tumboni, akanigeukia mbele ya wateja sita: "Dada, kipanya hakina shida. Mikono yako ina jasho."

Jasho! Kisumu hii! Asiye na jasho hapa ni ngege peke yake.

Nina video ya harusi yenye urefu wa saa nne, yote iko kwenye diski ya nje, ile mpya ya kasi. Bibi harusi ananipigia kila dakika kumi. Hiki ni kipanya cha tatu na vyote ameniuzia yeye. Nikisoma barua pepe vinatulia, nikigusa kazi ya harusi vinapandwa na pepo. Halafu ati jasho! Kuna mzee kwenye benchi alinyoosha shingo kuangalia viganja vyangu.

BodaTatu:
Sasa dada, jasho lipo ama halipo? Tuanzie hapo.

Omera_Mamboleo:
Hiyo ni diski. Diski na risiva ya kipanya ziko kwa tundu za bluu, zinagombania. Hamisha risiva uweke tundu jeusi.

JichoLaKondele:
Nimehamisha, bado. Tundu jeusi lenyewe liko kidole kimoja tu kutoka kwa diski. Na mbele ya wateja SITA, jamani.

MitamboNakuru:
Ukichomoa diski, mshale unatulia? Itoe kwa utaratibu kwanza, usiharibu harusi ya watu.

JichoLaKondele:
Nimetoa. UMETULIA. Nimerudisha, sijakopi hata faili moja, umeanza tena. Kwa hivyo mikono yangu hukauka diski ikitoka?

MitamboNakuru:
Basi mwenye makosa ni diski, ila hakuna kugombania. Inaongea na laptopu kwa USB 3, biti bilioni 5 kwa sekunde, na mwendo huo unamwaga kelele ya redio kutoka kwenye plagi, waya na hata kasha lake. Kelele inafika mpaka gigahezi 2.4, palepale kipanya chako kinapoongelea. Hata usipokopi, laini ikiwa macho haikai kimya.

Kipanya kinanong'ona kutoka mezani, na sikio lake, yaani risiva, umelichomeka kando ya kinu cha mahindi. Rangi ya tundu la risiva haisaidii, kelele inapita hewani. Intel waliandika juu ya jambo hili mwaka 2012, si uchawi mpya. Tafuta ekstensheni ya USB, risiva ikae nusu mita hivi kutoka kwa diski, karibu na mkono wako.

Omera_Mamboleo:
Si nilisema ni diski.

MitamboNakuru:
Ulisema, omera. Sababu ndiyo uliipoteza njiani. Tundu jeusi lingesaidia kama ungemwambia aweke *diski* huko: ingeshuka hadi USB 2, megabiti 480, kelele ya 2.4 iishe. Lakini video ya saa nne itatambaa.

MkeWaMwalimu:
Ndiyo maana waifai yangu hukatika kila jioni?

MitamboNakuru:
Mama, una diski ya nje?

MkeWaMwalimu:
Sina. Nina landilodi.

JichoLaKondele:
Nimepata ekstensheni iliyokuja na modemu yangu ya zamani. Risiva nimeigandisha kwa selotepu mbele ya kibodi. Mshale unateleza kama siagi, na diski inakopi! Lakini niambie, mbona kwa laptopu ya kaka yangu diski hii hii inakaa ubavuni mwa risiva na hakuna kitu?

MitamboNakuru:
Kuna laptopu ambazo tundu limefunikwa vizuri kwa chuma, zingine wamebana gharama. Au kipanya chake kina redio yenye nguvu kuliko chako. Siwezi kuapa bila kuifungua.

JichoLaKondele:
Sawa mzee, asante. Kesho napanda huko juu na selotepu yangu, anipulize tena tumboni. KIPANYA nimesema, msianze.

BodaTatu:
Tumeshaanza. Huyo fundi mimi aliniambia simu yangu inapata joto kwa sababu nina hasira.

Omera_Mamboleo:
Mimi nilipeleka spika, akaniambia nibadilishe kanisa.

BodaTatu:
😂😂 Hapo hakukosea, tumekusikia ukiimba.

MkeWaMwalimu:
Jamani, na waifai yangu?